Soya na tembe za tezi ya shingo: Tatizo ni saa ya kumeza, si chakula

KATIKA kituo cha biashara cha Kapsoit, kando ya barabara kuu itokayo mjini Kericho kuelekea Kisumu, siku huanza kwa kikombe cha moto. Kabla ya wachumaji kuingia mashambani na kabla ya majani kupelekwa vituoni kupimwa, jiko huwa limekwisha kuwashwa na chai ya maziwa imekwisha kuchemka. Hata hivyo, si kila nyumba hunywa chai, ingawa eneo lote limezungukwa na mashamba ya zao hilo. Wako waliokatazwa na daktari, na wako waumini wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambao wengi wao hawanywi chai wala kahawa. Hao hutumia unga wa soya uliokaangwa, ukakorogwa katika maji ya moto au maziwa. Wengine huchanganya soya katika uji wa wimbi au wa mahindi.

Kwa mtu mwenye afya, hakuna neno. Lakini kwa mgonjwa anayemeza tembe za homoni ya tezi ya shingo kila alfajiri, kikombe hicho kinaweza kuzuia dawa kufanya kazi, naye asijue. Baadaye akisikia kwamba soya “inaharibu homoni”, huenda akaiacha ghafla, na hapo akajitia katika matatizo ya namna nyingine. Kosa la kwanza na la pili yote hutokana na kutojua jambo moja: kwa mgonjwa wa namna hii soya haipigani na homoni iliyo mwilini, bali huzuia tembe isitoke tumboni kuingia katika damu.

Kazi ya tembe

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayouongoza mwili katika kutumia chakula, kutoa joto na kuendesha moyo. Homoni hiyo ikipungua, mtu huchoka bila sababu, huhisi baridi wakati wenzake wanatokwa na jasho, hufunga choo, ngozi hukauka, uzito huongezeka na mawazo huwa mazito. Upungufu huo unaweza kutokea mwili unapoishambulia tezi yake wenyewe, tezi inapoondolewa kwa upasuaji kwa sababu ya rovu, yaani uvimbe wa shingo, au inapopunguzwa nguvu kwa dawa ya mionzi.

Tiba yake ni tembe ya levothairoksini, ambayo ni homoni ileile iliyotengenezwa kiwandani. Dozi yake hupimwa kwa mikrogramu, na mikrogramu 1,000 ni sawa na miligramu moja tu. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 62, kwa mfano, huhitaji karibu mikrogramu 100 kwa siku. Wazee na wagonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo zaidi.

Kiasi hicho ni kidogo sana, na si chote kinachoingia mwilini. Hata tumbo likiwa tupu, utumbo mdogo hufyonza kati ya asilimia 60 na 80 ya dawa, na sehemu iliyobaki hutoka pamoja na choo. Daktari huyajua hayo anapopanga dozi. Asichoweza kukijua, asipoambiwa, ni kile ambacho mgonjwa hukila pamoja na tembe.

Mizani inayotumika kupima kama dawa inatosha ni kipimo cha damu kiitwacho TSH. Hii nayo ni homoni, lakini hutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo kazi yake ni kuiamuru tezi ya shingo. Mfano wake ni nyapara wa shamba la chai. Majani yakifika mizani kwa uchache, nyapara hupaza sauti. Yakifika ya kutosha, hunyamaza. Vivyo hivyo, TSH ikiwa juu, mwili unalalamika kwamba homoni haitoshi. Ikishuka mno, homoni imezidi. Maabara nyingi huhesabu kiwango cha kawaida cha mtu mzima kuwa kati ya 0.4 na 4 au zaidi kidogo.

Jinsi soya inavyoizuia dawa

Maharagwe ya soya yana protini nyingi na nyuzinyuzi nyingi. Tembe ikiyeyuka tumboni wakati huohuo, sehemu ya dawa hushikamana na chakula hicho, ikasafiri nacho hadi mwisho wa utumbo bila kufyonzwa. Dawa haijaharibika wala haijageuka sumu. Imepitishwa tu kama gunia lililopita kituoni bila kushushwa.

Jambo hili lilianza kuonekana kwa watoto wachanga. Waliozaliwa na upungufu wa homoni ya tezi, kisha wakalishwa maziwa ya kopo ya soya, walihitaji dozi kubwa kuliko wenzao ili vipimo vyao vikae sawa. Kwa watu wazima, kisa kinachotajwa mara nyingi kilichapishwa mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la Marekani. Mwanamke wa miaka 45, aliyekuwa ameondolewa tezi, alikuwa akinywa kinywaji cha protini ya soya mara tu baada ya kumeza tembe. Alihitaji dozi kubwa isiyo ya kawaida. Alipotenganisha saa ya tembe na saa ya kinywaji, dawa ilianza kuingia vizuri zaidi.

Maelezo rasmi ya dawa hii nayo huutaja unga wa soya miongoni mwa vitu vinavyoweza kupunguza ufyonzaji. Vingine ni tembe za madini ya chuma, tembe za kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia. Kahawa nayo hupunguza ufyonzaji ikinywewa pamoja na tembe, na maziwa ya ng'ombe hufanya hivyo kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo chai ya maziwa si kinywaji cha kumezea tembe hii. Kinachofaa ni maji matupu.

Si kila kitu chenye jina la soya kina nguvu hiyo. Kinachohusika ni vyakula vyenye protini yake: maziwa ya soya, unga wa kinywaji, uji uliochanganywa na soya, nyama ya soya inayouzwa ikiwa imekaushwa, na tofu. Mafuta ya kupikia yaliyotokana na soya hayana protini ya kuhesabika, na vijiko viwili vitatu vya mchuzi mweusi wa soya ni kidogo mno kuleta tofauti. Kwa upande mwingine, unga wa lishe unaouzwa madukani mara nyingi huwa na soya ndani yake, na mgonjwa asiposoma maandishi ya pakiti huenda akadhani anakunywa uji wa wimbi tu.

Kosa linavyojificha

Ugumu wa jambo hili ni kwamba halijitokezi siku moja. Levothairoksini hukaa mwilini kwa muda mrefu. Huchukua takriban siku saba kwa nusu yake kutoweka. Mtu akinywa soya na tembe kwa siku moja, hatahisi lolote. Akifanya hivyo kila siku, homoni hupungua polepole kwa wiki kadhaa, na uchovu unapokuja yeye huulaumu umri, kazi au baridi ya mwezi wa saba.

Mfano wa mama mchuma chai mwenye miaka 48 utaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kwenda mrama. Tezi yake iliondolewa kwa sababu ya rovu. Ana kilo 62, anameza mikrogramu 100, na kipimo chake cha TSH ni 2.1. Yuko sawa. Kisha jirani anamshauri anywe soya ili mifupa yake iwe imara, kwa kuwa hedhi imekoma. Kila alfajiri anakoroga kikombe cha soya na kukitumia kumezea tembe.

Baada ya miezi mitatu anajikokota shambani. Kikapu chake, ambacho zamani kilijaa kabla ya saa nne, sasa hakijai hadi adhuhuri. Kipimo kinaonyesha TSH ya 11.4. Kliniki inamuuliza kama anameza dawa, naye anajibu kwa haki kwamba hajakosa hata siku moja. Hakuna anayemuuliza anaimeza na nini. Dozi inapandishwa hadi mikrogramu 125, kisha 150. Mwishowe TSH inarudi 3.0, na kila mtu anaridhika.

Lakini hali hiyo ni kama ndoo yenye tundu iliyojazwa kwa kuongeza maji. Miezi michache baadaye mama huyo anasikia kwamba soya huleta saratani ya matiti. Anaitupa siku hiyohiyo, wala haoni sababu ya kumwambia daktari, kwa kuwa anaona ni habari ya chakula tu. Tundu la ndoo limezibwa, lakini maji yanamiminwa kwa wingi uleule. Mikrogramu 150, ambazo sehemu yake ilikuwa ikizuiwa na soya, sasa zinafyonzwa bila kizuizi hicho.

Wiki chache zikipita, moyo unamdunda akiwa ameketi. Mikono inatetemeka, usingizi umepotea, anatokwa na jasho usiku, na uzito umeshuka hadi kilo 57 ingawa anakula sana. TSH imeshuka hadi 0.05. Kwa mtu wa umri wake hilo si jambo dogo. Homoni ikizidi kwa muda mrefu, moyo unaweza kuanza kupiga bila mpangilio, na mifupa, ileile aliyokuwa akiitafutia nguvu, hupungua uimara.

Dozi iliyomfaa tangu mwanzo ilikuwa mikrogramu 100. Kitabibu njia ya kumrudisha ni rahisi. Daktari huishusha dozi, mgonjwa humeza tembe kwa maji, soya akiitaka huinywa baadaye mchana, na damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Kupima mapema zaidi hakufai, kwa sababu mwili haujafika katika kiwango kipya na jibu litapotosha.

Katika mfano huu dalili mbili zingeweza kumzindua mhudumu. Ya kwanza ni TSH kupanda kwa mgonjwa aliyekuwa ametulia na ambaye hakosi dawa. Ya pili ni dozi kupita ile inayotarajiwa kwa uzito wa mtu. Mwenye kilo 62 akihitaji mikrogramu 150, swali la kwanza liwe juu ya kile anachomezea tembe na kile anachokula au kunywa saa inayofuata, kabla ya kuandika dozi kubwa zaidi.

Ratiba inayowezekana mashambani

Agizo la kawaida ni kumeza tembe kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Kwa soya, kama ilivyo kwa tembe za madini ya chuma na kalsiamu, tahadhari inayopendekezwa na wengi ni kuacha saa nne.

Kwa mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, ratiba huenda hivi. Anaameza tembe mara tu anapotoka kitandani, kwa bilauri ya maji. Anawasha jiko, anakamua ng'ombe, anaandaa watoto. Saa kumi na mbili anakunywa chai yake na kula alichonacho. Soya anaiacha hadi saa tatu, au akiwa shambani, hadi chakula cha mchana. Tembe za madini ya chuma, kama ameandikiwa, anazimeza mchana au jioni.

Wapo ambao hawawezi kungoja hata nusu saa, kwa kuwa gari la kuwabeba hupita mapema au kazi ya zamu huanza kabla ya mapambazuko. Hao wana njia nyingine. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha wagonjwa waliomeza tembe asubuhi na waliomeza wakati wa kulala, na ikaonekana kwamba waliomeza usiku walipata viwango vizuri vya homoni, hata kuliko wale wa asubuhi. Sharti ni kwamba tumbo liwe tupu: angalau saa tatu ziwe zimepita tangu mlo wa mwisho. Aliyekula saa moja usiku anaweza kumeza tembe saa nne akienda kulala. Njia hii haimfai mwenye mazoea ya kunywa soya au maziwa kabla ya kulala.

Kubadilisha saa ya kumeza ni sawa na kubadilisha dozi. Mgonjwa anayehama kutoka asubuhi kwenda usiku anapaswa kumjulisha daktari, na apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Kuyumba, leo asubuhi na kesho usiku, leo kwa maji na kesho kwa soya, ndiko kunakofanya vipimo vipande na kushuka bila maelezo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Mgonjwa ambaye kwa miaka amekuwa akinywa soya kila asubuhi, na vipimo vyake ni vizuri, halazimiki kubadilisha chochote kwa haraka. Dozi yake tayari imepangwa kulingana na soya hiyo. Akiiacha ghafla, atakuwa kama mama wa mfano uliotangulia. Akitaka kuiacha au kuisogeza mbele, aseme kwanza kliniki, kisha apimwe.

Hofu ya kwanza: Je, soya huiharibu tezi yenyewe?

Hofu hii ina chanzo cha kweli. Soya ina viungo viitwavyo isoflavoni. Katika maabara, isoflavoni huzuia kimeng'enya ambacho tezi hukitumia kuunganisha madini ya joto, yaani aidini, ili kutengeneza homoni. Tena, katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi ya watoto wachanga waliolishwa maziwa ya unga wa soya huko ng'ambo walipata rovu. Sababu ilijulikana: maziwa hayo hayakuwa na aidini ya kutosha. Watengenezaji walipoiongeza, tatizo hilo liliondoka.

Ndiyo maana suala la chumvi haliwezi kutenganishwa na suala hili. Nchi za milima huwa na udongo ambao mvua imeusafisha aidini, na rovu ilikuwa jambo la kawaida katika sehemu nyingi za nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nchini Kenya sheria inataka chumvi ya mezani iongezwe aidini, utaratibu ulioanza miaka ya 1970. Anayetumia chumvi ya pakiti yenye aidini amejikinga na hatari iliyowapata watoto wale.

Mwaka 2019 uchambuzi uliokusanya majaribio 18 ulionyesha kwamba soya haikubadilisha viwango vya homoni za tezi kwa watu wazima. TSH ilipanda kidogo sana, kiasi ambacho umuhimu wake wa kitabibu haukuwa wazi. Kundi linalohitaji uangalifu ni lile la watu ambao tezi yao imeanza kulegea lakini bado haijashindwa. Katika jaribio dogo la watu 60 wa namna hiyo lililochapishwa mwaka 2011, sita kati yao walifikia upungufu kamili walipokuwa wakitumia soya yenye miligramu 16 za isoflavoni kwa siku kwa wiki nane. Mtu aliyeambiwa kwamba tezi yake iko ukingoni, na ambaye hajaanza dawa, ana sababu ya kupimwa tena anapoanza kutumia soya kila siku.

Lakini kwa yule ambaye tezi yake imeondolewa au imekufa kabisa, swali hili halina maana. Hana tezi ya kuharibiwa. Homoni yake yote hutoka katika tembe, na la kuangalia ni kama tembe imeingia.

Hofu ya pili: Wanaume na “homoni ya kike”

Isoflavoni hufanana kwa umbo na estrojeni, homoni iliyo nyingi kwa wanawake. Kutokana na hilo kumezuka maneno kwamba mwanamume anywaye soya huota matiti na kupoteza nguvu zake. Kufanana, hata hivyo, si kuwa kitu kimoja. Isoflavoni ni kama ufunguo unaoingia katika kufuli lakini hauzungushi sawasawa. Nguvu yake ni ndogo sana ikilinganishwa na estrojeni ya mwili wenyewe.

Uchambuzi wa mwaka 2010, na mwingine mpana zaidi wa mwaka 2021, ulikusanya tafiti zilizowapima wanaume waliotumia soya. Testosteroni, ambayo ndiyo homoni ya kiume, haikupungua, na estrojeni haikupanda.

Kipo kisa kimoja ambacho hurudiwa mara kwa mara, nacho ni cha kweli. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 60 aliyevimba matiti, na estrojeni yake ikawa juu. Ilibainika kwamba alikuwa akinywa karibu lita tatu za maziwa ya soya kila siku. Alipoacha, homoni zilirudi chini na maumivu yakaisha. Kisa hicho hufundisha habari ya lita tatu kwa siku. Hakisemi lolote juu ya mwenye kunywa kikombe kimoja au viwili.

Hofu ya tatu: Saratani ya matiti

Kwa kuwa saratani nyingi za matiti hukuzwa na estrojeni, wanawake wengi huogopa kwamba soya itaichochea. Ushahidi mkubwa juu ya hilo umetoka China, ambako soya ni chakula cha kila siku. Katika mji wa Shanghai, wanawake 5,042 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Waliokula soya zaidi hawakurudiwa na ugonjwa kwa wingi. Kinyume chake, kurudi kwa ugonjwa na vifo vilikuwa vichache kwao kuliko kwa waliokula kidogo.

Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba soya ndiyo iliyowakinga, kwa maana huenda walitofautiana katika mambo mengine. Lakini unatosha kuondoa hofu ya kikombe cha soya. Ikumbukwe kwamba wanawake hao walikula chakula. Vidonge vyenye isoflavoni zilizokolezwa, vinavyotangazwa kwa ajili ya joto la kukoma hedhi, ni jambo tofauti, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti asivitumie bila kumwuliza daktari wake.

Wanaohitaji uangalizi wa karibu

Mama mjamzito anayemeza levothairoksini ana mambo mawili yanayokutana kwa wakati mmoja. Mahitaji yake ya homoni hupanda mapema, mara nyingi kwa robo hadi theluthi ya dozi ya awali, kwa sababu mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi ya kwanza. Na katika kliniki ya wajawazito hupewa tembe za madini ya chuma, ambazo huzuia dawa ya tezi. Akizimeza zote pamoja na uji wa soya wa alfajiri, anaweza kupungukiwa wakati anapohitaji zaidi. Anapaswa kwenda kupimwa mara tu anapojua ana mimba, na kuzitenga tembe hizo mbili kwa saa nne.

Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa homoni ya tezi hasubiri. Ubongo wake hukua haraka katika miaka ya mwanzo, na dawa isiyofyonzwa vizuri humwachia hasara ambayo haiwezi kurudishwa. Maziwa ya mama hayana shida hii. Ikiwa daktari ameamua kwamba mtoto apewe maziwa ya kopo ya soya, tembe isisagwe ndani ya chupa ya maziwa hayo. Isagwe katika maji kidogo au maziwa ya mama, apewe papo hapo, mbali na saa ya soya, na damu ipimwe mara kwa mara zaidi. Maziwa ya soya yanayotengenezwa nyumbani hayafai kabisa kuwa chakula kikuu cha mtoto mchanga.

Kuhusu siku ya kusahau, akikumbuka mchana, mgonjwa anaweza kumeza tembe yake wakati tumbo limekaa bila chakula kwa muda. Akikumbuka kesho yake, aendelee na dozi ya siku hiyo bila kujiongezea mwenyewe. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini kwa muda mrefu, siku moja haimwangushi mtu.

Anayekwenda kliniki kwa ajili ya tezi anapaswa kubeba maelezo ya mambo manne: saa anayomeza tembe, kinywaji anachomezea, muda anaongoja kabla ya kula, na dawa nyingine anazotumia, zikiwamo za kiungulia zinazonunuliwa dukani bila cheti. Kama ameanza au ameacha soya tangu kipimo cha mwisho, alitaje hilo kabla dozi haijaguswa. Moyo ukidunda kwa nguvu bila mpangilio, pumzi ikipungua au kifua kikiuma, asingoje siku ya miadi. Aende hospitali siku hiyohiyo, akiwa na pakiti ya tembe mkononi.